Diklofenaki na Mfupa Uliovunjika: Maswali ya Pembeni ya Kitanda

Kijana wa bodaboda mwenye kilo 60 anarudishwa wodini saa kumi jioni. Mfupa wake wa paja umeungwa kwa chuma kirefu kilichopitishwa katikati yake. Miguu bado imelala kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, naye anataniana na muuguzi. Ikifika saa tatu usiku ganzi imekwisha, utani umekwisha, na shuka ameliuma kwa meno.

Huyu ni mgonjwa wa mfano, lakini wodi za mifupa zinamjua vizuri. Ndugu zake nao wanajulikana kwa maswali yao, na hapa yanajibiwa kwa kumfuata yeye.

Kwa nini anaandikiwa dawa tatu nne? Si apewe moja kali tu?

Maumivu yana safari. Yanaanzia kwenye jeraha, yanapanda kwa neva hadi uti wa mgongo, ndipo ubongo unapoyasikia. Dawa moja kali hukaa kituo kimoja cha safari hiyo, na ili izuie kila kitu lazima iongezwe mpaka madhara yake yazidi faida. Mwaka 1993 madaktari wawili wa Denmark, Henrik Kehlet na Jørgen Dahl, walitetea njia nyingine: dawa kadhaa kwa dozi za kawaida, kila moja katika kituo chake.

Kwa kijana huyu, parasetamoli ndiyo msingi: gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita. Inatolewa kwa saa, aumwe asiumwe. Hapo ndipo wodi nyingi hukosea, kwa kungoja mgonjwa alie kwanza. Juu yake huja dawa ya kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula.

Kilichokosekana kwake ni sindano ya ganzi ya neva, inayochomwa chini kidogo ya kinena kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Kiasi cha juu cha bupivakaini ni kama miligramu 2 kwa kila kilo, kwa hiyo kwake isizidi 120. Mililita 30 za dawa yenye nguvu ya asilimia 0.25 zina miligramu 75 tu. Zingeweza kumfikisha karibu na alfajiri akiwa ametulia.

Basi mofini haitakiwi tena?

Inatakiwa, ila kama dawa ya akiba. Ikiwa maumivu yamepenya licha ya dawa nyingine, hupewa miligramu 2 kwenye mshipa, polepole, kisha anatazamwa kabla ya kuongezewa. Kadiri msingi ulivyo imara, ndivyo mofini inavyohitajika kidogo, na kichefuchefu, muwasho na choo kigumu hupungua. Mgonjwa asiyesinzia huanza mapema kukaa kitandani na kukunja goti.

Hatari kubwa ni pumzi. Dalili ya kwanza huwa ni usingizi mzito: mgonjwa anaitwa, anafumbua macho, anasinzia tena katikati ya jibu. Akipumua chini ya mara 10 kwa dakika, mofini inasimamishwa, daktari anaitwa na naloksoni inaandaliwa.

Ni kweli pia kwamba hospitali nyingi za kwetu tatizo lao si mofini kuzidi bali kutokuwepo. Kumnyima anayelia mofini kwa jina la kupunguza dawa za jamii ya afyuni ni kuielewa hoja kinyume.

Tumeambiwa diklofenaki inazuia mfupa kuunga. Ni kweli?

Hofu hiyo ina msingi. Mfupa ukivunjika, siku za mwanzo pale pana damu iliyoganda, uvimbe na joto. Uvimbe huo ni sehemu ya ujenzi: prostaglandini, kemikali zinazouleta, huita pia seli za kujenga mfupa mpya. Diklofenaki na ibuprofeni hukata uzalishaji wake. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba panya waliozaliwa bila kimojawapo cha vimeng'enya vinavyotengeneza prostaglandini waliunga mifupa kwa shida.

Kwa binadamu mambo hayajanyooka hivyo. Mwaka 2005 ulitoka uchunguzi wa Marekani wa wazee karibu 10,000 waliovunjika mfupa wa juu wa mkono. Waliotumia dawa hizi kati ya siku ya 61 na ya 90 walikuwa na mifupa isiyounga mara nyingi zaidi. Lakini hata waliotumia dawa za jamii ya afyuni katika siku zilezile walionyesha hivyohivyo! Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba mfupa usiounga huuma, na anayeumwa hutafuta dawa. Chanzo na matokeo vilikuwa vimebadilishana viti.

Ushahidi mzito zaidi wa madhara unatokana na indomethasini, dawa ya jamii hiyohiyo. Hutolewa kwa wiki kadhaa baada ya upasuaji fulani wa nyonga ili kuzuia mfupa kuota mahali pasipotakiwa. Katika utafiti wa mwaka 2003, miongoni mwa wagonjwa wa namna hiyo waliokuwa pia wamevunjika mifupa mirefu, asilimia 26 ya waliopewa indomethasini hawakuunga, dhidi ya asilimia 7 ya wengine.

Zingatia muda: wiki, si siku. Ndiyo maana mwaka 2019 mwongozo wa chama cha wataalamu wa majeraha ya mifupa cha Marekani uliendelea kuzikubali dawa hizi katika mchanganyiko. Kwa kijana wetu, siku tatu hadi tano ni sawa. Aliye na mfupa uliokwisha kugoma kuunga, au anayevuta sigara na hataki kuacha, ni busara aziepuke, ingawa sigara yenyewe ni adui mkubwa wa mfupa kuliko kidonge chochote hapa.

Fani hii ya kutuliza maumivu ina doa lake pia. Mwaka 2009 ilibainika kwamba Scott Reuben, daktari wa usingizi wa Massachusetts, alikuwa ametunga takwimu katika makala 21, nyingi zikisifia mchanganyiko wa dawa kama hizi kwa wagonjwa wa mifupa. Alifungwa miezi sita. Njia yenyewe haikuanguka, kwa kuwa wengine walikuwa wameipima kwa haki.

Kwa nini usiku wa kwanza muuguzi alikataa kumpa ibuprofeni?

Alifanya vizuri. Paja lililovunjika linaweza kumeza lita moja ya damu au zaidi bila tone kuonekana nje. Figo zilizopungukiwa damu hutegemea prostaglandini kubaki wazi. Ukikata prostaglandini wakati huo, figo zinaweza kufeli. Kwanza mkojo upimwe: kwa kilo 60, angalau mililita 30 kwa saa. Kipimo cha kreatinini kikirudi kizuri, dawa inaanza asubuhi.

Ndugu nao wasimletee diklofenaki ya duka la dawa. Hiyo na ibuprofeni ni dawa za jamii moja. Kuzijumlisha huongeza vidonda vya tumbo na mzigo wa figo, si nafuu. Vidonge vingine vya diklofenaki vimechanganywa na parasetamoli, na hapo kikomo cha parasetamoli cha gramu 4 kwa siku huvukwa bila mtu kujua.

Lini maumivu ni ishara ya hatari?

Yanapozidi kila saa licha ya dawa zote, mguu umekaza kama ubao, na kumnyoosha vidole vya mguu kunamfanya apige kelele. Hali hiyo hutokea zaidi muundi unapovunjika: shinikizo ndani ya misuli linabana damu, na misuli huanza kufa ndani ya saa chache. Hapo usiombe dawa nyingine. Legeza bandeji, na daktari wa upasuaji aamshwe hata kama ni saa nane usiku.