Bibi wa Mbale, Wasikilizaji wa Ng'ambo

Swali: Naishi Jinja. Nilimrekodi bibi yangu wa Mbale akisimulia, nikaiweka video YouTube kwa jina "Bibi anaongea". Kimya. Nilipoandika "Hadithi ya Lumasaba, Lugisu: Sungura na Fisi", wakaanza kuingia watu wa Uingereza na Kanada. Kwa nini?

Jibu: Mjukuu, aliye mbali hawezi kumtafuta bibi yako, hamjui. Hutafuta lugha ya kwao, na hii ina majina mawili: huyu huandika Lumasaba, yule Lugisu. Umeyaweka yote mawili mwanzoni, mahali ambapo simu haikati kichwa kirefu. Hapo ndipo walipokupata.

Ukitaka na majirani wa Lubukusu, itaje kwenye maelezo tu, si kwenye kichwa. Wabukusu wa Bungoma, upande wa pili wa Mlima Elgon, wataelewa mengi, lakini lugha ya bibi si ile hasa, na atakayehisi amedanganywa huondoka mapema. Utaliona hilo kwenye takwimu za video: mstari wa watazamaji huporomoka sekunde za mwanzo. Ukiporomoka hata Lubukusu isipokuwepo kwenye kichwa, kichwa hakina kosa; kosa ni mwanzo wa video. Kama kuna salamu na kurekebisha kiti, kata, video ianze bibi anapofungua hadithi. Ila kwanza mwambie bibi wanaomsikiliza wako wapi, umwombe ruhusa upya. Alidhani anakusimulia wewe.