Ratiba ya Kambi Huanzia Jikoni

Na Katibu wa Chama, Kidato cha Tatu

Wengi wenu mmewahi kuona ratiba ya kambi ya vijana ikiwa imebandikwa ukutani. Huanza na sala au salamu, kisha vipindi kumi na viwili, na chakula kimesongwa katikati kama abiria wa matatu. Hata mimi niliandika moja ya namna hiyo nilipokuwa kidato cha pili. Tuliondoka Migori siku ya Ijumaa kwenda kulala katika shule moja karibu na ziwa, upande wa Homa Bay. Tulikuwa wanafunzi thelathini na sita. Makosa ya kambi hiyo ndiyo yaliyonifunza haya ninayoyaandika.

Kosa la kwanza lilikuwa githeri. Niliandika chakula cha mchana saa saba, nikamwambia mama mpishi awashe moto saa tano. Akanitazama. "Nyathina, nani alikwambia mahindi makavu na maharagwe yanaiva kwa saa mbili, tena hayakulowekwa?" Kweli, tulikula saa tisa u nusu. Mashindano ya hotuba yaliyofuata hayakuwa na msikilizaji. Nusu walikuwa wamesinzia na wengine wana njaa ya hasira.

Siku hizi mimi huhesabu nikirudi nyuma. Watu wakiwa wanataka kula saa saba, sahani zianze kutoka saa saba kasorobo. Githeri iliyolowekwa usiku kucha inataka kama saa tatu motoni, basi moto uwake saa tatu u nusu asubuhi, na kuni ziwe zimeingizwa ndani tangu jana yake, maana kuni zilizonyeshewa hazina huruma. Aliyeandika ratiba lazima pia aandike, Ijumaa saa tatu usiku, "kuloweka mahindi". Hicho nacho ni kipindi, ingawa hakina mhadhiri.

Kiasi pia kina hesabu yake. Kwetu paketi moja ya unga ya kilo mbili hutosha watu wanane kwa mlo mmoja wa ugali. Wanafunzi thelathini na sita, walezi watano, mpishi na dereva ni watu arobaini na watatu, kwa hiyo paketi sita, na kidogo kitabaki. Halafu kuna kunawa mikono. Bomba moja, kila mtu nusu dakika: zaidi ya dakika ishirini zimekwisha na mboga imepoa. Jerikeni mbili zenye bomba na mistari miwili ya kugawa chakula zilituokolea muda kuliko kufupisha kipindi chochote.

Baada ya jikoni ninaweka usingizi. Vijana wa rika letu wanahitaji kati ya saa nane na kumi za kulala, hata tukijidai majasiri. Tukiamka saa kumi na mbili asubuhi, taa lazima zizimwe saa nne usiku, tena saa nne ya kweli, si ya kuanza kutafuta neti. Neti zifungwe mchana kungali na mwanga. Kuoga nako ni kabla ya giza. Huku kwetu jua huzama muda mfupi tu baada ya saa kumi na mbili u nusu, mwaka mzima, na mbu wa ziwani hawachelewi kazini.

Sasa ndipo nije kwenye jambo lililonitia hofu. Jumamosi ile mchana, msichana mmoja wa kidato cha kwanza hakuonekana kwa dakika arobaini. Tulikuwa na walimu wanne, na ukisikia wanne utadhani wanatosha. Lakini mmoja alikuwa amekwenda sokoni na dereva, mmoja alikuwa akimsaidia mpishi na ile githeri, na wawili waliobaki kila mmoja alidhani mwenzake yuko na wasichana. Tulimpata ufukweni, akifua soksi zake, maji yamefika magotini. Hakujua kama kuna ubaya. Ziwa letu lina kichocho, na vijidudu vyake, vinavyotoka kwenye konokono, huwa vingi majini mchana jua likiwa kali. Nilimwona mwalimu mlezi akikaa chini kwenye jiwe, hasemi neno.

Kutoka siku hiyo tukakubaliana kwamba mtu mzima mwenye kazi nyingine hahesabiwi. Mpishi si mlinzi, dereva si mlinzi (huyu alale, atatuendesha kesho), na mwalimu anayefundisha kipindi anatazama ubao. Kwa watu thelathini na sita tulitaka wawili walio zamu kila saa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wasio na kazi nyingine. Mmoja anaendesha kipindi, mmoja yuko tayari kwa dharura, mmoja anapumzika. Jumla watano. Nao wakae zamu ya saa tatu tatu, kwani mwalimu aliyeamka saa kumi na moja haoni sawasawa saa mbili usiku. Usiku walimu wa kiume wawili walale upande wa wavulana, na wa kike wawili upande wa wasichana pamoja na mama mzazi mmoja ambaye ni muuguzi. Mtoto akiugua, wawili wanampeleka hospitali na bweni halibaki tupu.

Zamu tuliitia alama: filimbi mbili. Aliye na filimbi shingoni ndiye mwenye zamu. Haiwekwi mezani, inatoka mkono hadi mkono, na kabla ya kupokea, wanafunzi wanahesabu namba zao kwa sauti, moja mpaka thelathini na sita. Inachukua dakika moja hivi. Namba ikikosa kujibu, filimbi haipokelewi.

Mkisha kuweka haya yote, tazameni kilichobaki. Katika kambi ya mwaka huu nilijaribu Jumamosi. Usafi hadi saa moja, chai hadi saa mbili. Vipindi viwili hadi saa nne, mapumziko nusu saa, vipindi viwili hadi saa sita u nusu. Kunawa na kula hadi saa nane. Saa nane hadi tisa kupumzika, bila kulazimishwa kulala lakini bila kelele. Saa tisa kipindi kimoja cha kufanya, si cha kusikiliza, nasi tuliweka maigizo, chini ya paa, maana mvua za ziwani hupenda alasiri. Kisha michezo, kuoga saa kumi na moja u nusu, chakula saa moja, na hadithi na vitendawili hadi saa tatu u nusu. Vipindi vitano basi. Mwaka uliopita nilikuwa nimeandika tisa.

Wenzangu walilalamika sana kwa sababu nilikuwa nimeitoa Thimlich Ohinga. Nawaelewa. Boma lile la mawe yaliyopangwa bila udongo wa kuyashika, lililoingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka wa 2018, liko katika kaunti yetu wenyewe. Wao walitaka tulipitie Ijumaa njiani. Lakini tukitoka darasani saa nane, tukazunguka huko badala ya kupitia Rongo, tungefika Homa Bay gizani, neti hazijafungwa, mahindi hayajalowekwa. Tumelipangia Jumamosi yake lenyewe muhula ujao, kwenda na kurudi mchana, bila kulala. Mama mpishi ameshauliza kama siku hiyo mnataka githeri au chapati, na mwenye jibu amwambie mapema.