Somo la Mwezi: Kupunguza Uzito wa Picha Kabla ya Kuiweka Mtandaoni

Chukua mfano wa msusi wa vikapu aliyepiga picha ya bidhaa yake kwa simu. Picha ina upana wa pikseli 4000, kimo cha pikseli 3000 na uzito wa megabaiti 4. Mteja ambaye mtandao wake unapitisha kilobaiti 125 kwa sekunde atasubiri zaidi ya nusu dakika kuiona. Wengi hufunga ukurasa kabla ya hapo.

Jambo la kwanza ni vipimo. Skrini ya simu nyingi haizidi upana wa pikseli 1080 hivi, kwa hiyo pikseli zinazobaki hula bando bila kumfaa mteja. Msusi anaweza kufungua squoosh.app kwenye kivinjari, achague picha, awashe "Resize" na kuandika 1080 kwenye "Width". Kimo kitajirekebisha hadi 810. Sasa pikseli ni chini ya laki tisa, kutoka milioni 12.

Jambo la pili ni aina ya faili. Kwenye "Compress", achague "WebP", kisha aweke "Quality" kwenye 75. Uzito mpya huonekana papo hapo. Kwa picha kama hii, JPEG inaweza kufika kilobaiti 200 na WebP kilobaiti 150, ambazo mteja yule atazipokea kwa sekunde moja na kidogo. Simu kuukuu zisizofungua WebP zihifadhiwe nakala ya "MozJPEG", ambayo ni JPEG ya kawaida.

Kisha akague ukali wa picha. Squoosh huweka picha ya awali upande mmoja na mpya upande wa pili, na mstari wa katikati huvutwa kulinganisha. Atazame ukindu uliosukwa na ukingo wa kikapu. Akiona vijisanduku au ukungu kuzunguka ukingo, namba imeshuka mno. Aipandishe tano tano hadi dosari ziishe. Namba 75 ya WebP si sawa na 75 ya JPEG, hivyo jicho ndilo liamue.

Msuko huwa na mistari mingi midogo, ndiyo maana picha yake huwa nzito kuliko ya ukuta mtupu. Kukata mandhari yasiyohitajika kabla ya kupunguza vipimo husaidia zaidi kuliko kushusha "Quality" hadi 30.

Mwisho, picha ya awali isifutwe. Kila JPEG inapofunguliwa, kubadilishwa na kuhifadhiwa tena, hupoteza sehemu ya ubora, na ubora huo haurudi. Marekebisho yote yaanzie kwenye picha iliyotoka kwa kamera. Tangazo lenye maandishi madogo au orodha ya bei lihifadhiwe kama PNG, kwa kuwa JPEG huacha ukungu kandokando ya herufi.