Mdomo ukishashonwa, kazi ya meno ndiyo huanza

Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka akishonwa na kidonda kikapona, wazazi wengi hudhani mambo yamekwisha. Miaka 7 baadaye, meno ya utotoni yanapoanza kung'oka, hushangaa kuona jino moja jipya limeota kando, jingine halionekani kabisa, na meno ya juu yanauma nyuma ya yale ya chini. Hapo humlaumu daktari aliyeshona. Lakini mara nyingi daktari huyo hakukosea. Yeye alifunga ngozi na misuli ya mdomo. Pengo lililo ndani ya mfupa wa ufizi halikuguswa, kwa kuwa wakati wake ulikuwa haujafika.

Hali hii ambayo wengi huiita "mdomo wa sungura" humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 700 wanaozaliwa duniani. Si laana, wala haitokani na kitu alichokitazama mama akiwa mjamzito. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa, yaani paa la kinywa, hufuata baadaye kidogo. Pande mbili zisipokutana, hubaki ufa. Ufa huo unaweza kuishia mdomoni, au ukapita kwenye ufizi na kuendelea hadi nyuma ya kaakaa.

Ili uelewe vizuri, tuchukue mfano wa mtoto wa kike aliyezaliwa na ufa wa upande wa kushoto unaopita mdomo, ufizi na kaakaa.

Shida yake ya kwanza ni kunyonya. Kwa kuwa kinywa na pua vimeungana, hawezi kuvuta maziwa. Mama hukamua maziwa yake na kumlisha kwa kikombe kidogo au kijiko, mtoto akiwa amekaa wima ili maziwa yasipite puani. Hupimwa uzito mara kwa mara, kwa maana mtoto dhaifu hawezi kupewa nusukaputi. Akifikisha umri wa miezi 3 hadi 6, akiwa na afya na uzito wa kutosha, mdomo hushonwa. Kaakaa hushonwa anapokaribia mwaka 1 hivi, kabla hajaanza kuzungumza sana, ili sauti isizoee kupitia puani. Masikio nayo hupimwa, kwa kuwa watoto hawa hujaa majimaji ndani ya sikio na kusikia kwao kukapungua.

Sasa tuje kwenye meno. Katika ufizi wake wa kushoto, pale penye ufa, hamna mfupa. Jino la pili kutoka katikati, ambalo lingepaswa kuota hapo, huenda lisiwepo kabisa, au likawa dogo na la umbo baya. Wakati mwingine huota la ziada. Meno yaliyo kandokando ya ufa hukaa mshazari, na tabaka lake gumu la nje huwa hafifu, kwa hiyo huoza upesi. Tena kovu la kaakaa huzuia taya la juu kupanuka, na ndiyo maana meno ya juu huanza kuuma ndani ya yale ya chini.

Jino la kuangaliwa zaidi ni chonge, lile lenye ncha. Chonge la juu kwa kawaida hutoka mtoto akiwa na miaka 11 hivi, na njia yake hupita karibu kabisa na pengo hilo. Jino haliwezi kushika mahali pasipo na mfupa. Likitokea penye pengo, mzizi wake hukosa kishikilio, nalo huweza kulegea na kupotea.

Kwa sababu hiyo, kuna upasuaji ambao wazazi wengi hawajawahi kuusikia. Mtoto wetu akiwa na miaka 7, daktari wa kupanga meno humpiga picha ya eksirei ili aone chonge limefika wapi. Ikihitajika, humwekea kifaa cha kupanua taya kwa miezi kadhaa. Kati ya miaka 8 na 11, mzizi wa chonge ukiwa umefikia nusu au theluthi mbili ya urefu wake, daktari wa upasuaji huchukua mfupa laini wa ndani kutoka nyongani mwa mtoto na kuujaza kwenye pengo la ufizi. Mfupa huo hushikana na taya, na chonge hupita ndani yake likishuka. Eksirei ya miezi 6 baadaye huonyesha kama mfupa umeshika.

Kazi hii huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza ni meno mabovu. Kinywa chenye meno yaliyooza kina vijidudu vingi vinavyoweza kuozesha mfupa mpya, kwa hiyo daktari huahirisha upasuaji hadi meno yatibiwe, na huku chonge halimngojei mtu. Wazazi wengi huogopa kupiga mswaki karibu na kovu. Usiogope. Anza jino la kwanza linapotoka, kwa mswaki laini na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele hadi miaka 3, kisha kiasi cha punje ya njegere. Usimlaze mtoto na chupa ya uji wenye sukari.

Ya pili ni kung'oa jino ovyo. Jino lililo kando ya ufa hushikilia mfupa mdogo uliopo. Likiuma, mwambie daktari wa meno kwamba mtoto anangojea kuongezewa mfupa, ili ashauriane kwanza na wenzake.

Ya tatu ni kuchelewa. Mtu mzima anaweza kuongezewa mfupa, lakini matokeo yake kwa kawaida si mazuri kama ya mtoto ambaye chonge lake bado halijatoka.

Baada ya hapo mtoto wetu atafungwa waya za kunyoosha meno, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15. Taya la juu likibaki nyuma sana, upasuaji wa kulisogeza mbele hungojea mwili umalize kukua, karibu miaka 16 kwa msichana na 18 au zaidi kwa mvulana. Jino lisilokuwepo huwekwa la bandia wakati huo.

Utaona kwamba mtoto huyu amepitia mikononi mwa daktari wa upasuaji, wa masikio, wa meno, wa kupanga meno na mtaalamu wa matamshi, pengine katika hospitali tofauti. Anayewaunganisha mara nyingi ni mzazi. Weka faili moja nyumbani: barua za hospitali, tarehe za upasuaji, eksirei na picha za uso wa mtoto. Nenda nayo kila mahali, na kila ukitoka kwa daktari uliza: "Anayefuata ni nani, na mtoto akiwa na umri gani?" Kuhusu gharama, uliza hospitali kama inashirikiana na shirika la Smile Train, linalogharamia upasuaji wa aina hii katika hospitali kadhaa nchini.

Rudi mapema ukiona maziwa au chai ikitokea puani baada ya kaakaa kushonwa, kwa maana huenda kuna tundu lililobaki. Na ikiwa mtoto wako amefikisha miaka 7 na ufizi wake ulikuwa na ufa, usingoje jino liume. Mpeleke akapigwe eksirei mwaka huu.