Bomba Lililofichwa Ukutani: Chuma, PVC na Poli, na Mahali Kila Moja Linapovujia

Maji yanayofika katika nyumba nyingi za mji wa Musoma, na yale yanayosukumwa kutoka Mugango kuelekea Kiabakari na Butiama, huvutwa kutoka Ziwa Viktoria. Safari hiyo ndefu huangaliwa na mamlaka za maji hadi kwenye dira. Kuanzia dira kuingia ndani, bomba ni mali ya mwenye nyumba, na kila lita inayovujia huko huandikwa katika bili yake. Sehemu ngumu kuliko zote kuitunza ni ile iliyozikwa ndani ya ukuta au chini ya sakafu ya zege, kwa kuwa haionekani, na kuifikia ni lazima ukuta utinduliwe.

Somo hili linalinganisha aina tatu za mabomba yanayotumika zaidi katika kata zetu: chuma kilichopakwa zinki, PVC, na yale mabomba meusi ya poliethilini yanayouzwa yakiwa yameviringishwa, maarufu kwa jina la poli. Mwananchi huuliza mara nyingi ni lipi lililo bora. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kila moja huharibikia wapi? Akishalijua hilo, mwenye nyumba atajua kipi kinafaa kufunikwa kwa zege na kipi kibaki mahali ambapo mkono hufika.

Bomba la chuma: adui ni kutu, na kutu huanzia kwenye meno

Bomba la chuma ni gumu. Msumari haulitoboi kwa urahisi, wala kokoto haziliumizi. Kinga yake ni tabaka jembamba la zinki ndani na nje. Lakini fundi anapokata meno ya hesi ili kufunga soketi au kiwiko, huiondoa zinki hiyo na kupunguza unene wa chuma mahali hapo hapo. Kwa hiyo bomba la chuma lililomo ukutani huvuja kwanza kwenye kiungio, hasa pale meno yalipobaki wazi nje ya soketi.

Mahali pa pili pa hatari ni pale bomba linapotoka kwenye zege na kuingia udongoni. Zege nzuri, isiyo na chumvi wala nyufa, huzuia kutu. Udongo wenye unyevu hauna kinga hiyo. Bomba moja linapokuwa nusu ndani ya zege na nusu ndani ya udongo, hali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo: sehemu iliyo udongoni huliwa kwa haraka, na ya ndani ya zege husalimika. Bomba likigusa nondo za jamvi, ulaji huo huongezeka. Ndiyo maana mara nyingi uvujaji huonekana ukingoni mwa msingi, si katikati ya sakafu.

Ndani ya bomba nako kuna jambo. Maji ya ziwa letu ni laini, yaani yana chokaa kidogo, hivyo hayajengi utando mgumu wa kulinda chuma. Zinki ikiisha, vinundu vya kutu huota ndani na kuziba njia. Dalili zake ni maji ya rangi ya kahawia yanayotoka kwa dakika chache kila asubuhi, kasi inayopungua mwaka hadi mwaka, na doa la kutu linalojitokeza kwenye lipu. Bomba lililofikia hali hiyo halifai kuzibwa tundu moja moja, kwa kuwa lote lina umri mmoja na tundu la pili haliko mbali. Njia nafuu ni kuliacha humo humo likiwa limefungwa pande zote, na kupitisha bomba jipya juu ya ukuta.

PVC: bomba halili kutu, lakini huvunjika

PVC haishiki kutu na upande wa ndani hubaki laini kwa miaka mingi. Udhaifu wake uko katika gundi, katika ugumu wake usionyumbuka, na pale inapokutana na chuma.

Kiungio cha gundi hushika vizuri bomba likiwa limekatwa sawasawa, limefutwa vumbi na maji, limesukumwa hadi mwisho wa soketi na kuachwa bila kuguswa kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Fundi mwenye haraka hufungulia maji mapema, na kiungio hicho hushika nusu. Huweza kukaa miezi mingi bila kuvuja, kisha siku moja kikafunguka. Siku hiyo mara nyingi ni ile maji yanaporudi baada ya mgao: hewa na maji huja kwa kishindo na kugonga kila kona ya bomba.

Kosa linaloonekana zaidi ukutani hutokea kwenye koki. Koki ya shaba huingizwa katika kiungio cha plastiki chenye meno ndani. Fundi huzungusha utepe mwingi kwenye meno, kisha hukaza kwa spana hadi koki isimame wima. Plastiki hutanuka na kupasuka kwa ufa mwembamba nyuma ya lipu. Ukuta unaoanza kulowa siku chache baada ya koki kubadilishwa kwa kawaida una ufa huo. Tiba ni kutumia kiungio chenye meno ya shaba ndani ya plastiki kila mahali panapofungwa koki.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Katika maeneo tambarare ya Bunda yenye udongo mweusi wa mbuga, ardhi huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Jamvi hubaki mahali pake, udongo wa nje hupanda na kushuka, na PVC iliyobanwa na zege hukatika kwenye ukingo huo. Bomba lipite ndani ya bomba kubwa zaidi linalolizunguka kama ala, ili liwe na nafasi ya kucheza. Aidha, PVC iliyoanikwa juani kwa muda mrefu dukani au kwenye eneo la ujenzi hupauka na kuwa rahisi kuvunjika. Iliyopauka isinunuliwe. Wala PVC ya kawaida isitumike kwa maji ya moto, kwa sababu joto huilainisha.

Poli: bomba lenyewe ni imara, kiungio ndicho mashaka

Bomba la poli hunyumbuka, halili kutu, na hustahimili vishindo vya maji kuliko PVC. Faida yake kubwa ni urefu: kipande kimoja kutoka kwenye mviringo hutosha kupita chini ya sakafu nzima pasipo kiungio hata kimoja.

Gundi haishiki poli. Viungio vyake hubana bomba kwa pete ya mpira na kofia ya kukaza. Bomba lisipokatwa sawa, au lisiposukumwa hadi lipite pete, huvuja polepole. Tena poli hurefuka na kufupika sana kwa joto. Kipande cha mita 10 kilichofungwa kikiwa na joto la jua, kikipoa kwa nyuzi 20, hujivuta kwa takriban sentimita 3 hadi 4, kiasi cha kuweza kuchomoka kwenye kiungio kilichobanwa vibaya. Kwa hiyo lilazwe kwa kulegea, na lifungwe likiwa limepoa. Lisikunjwe kwa kona kali, kwa kuwa mkunjo ukishaacha alama nyeupe sehemu hiyo imeumia na inapaswa kukatwa. Wala lisipitishwe katika udongo uliolowa petroli au dizeli, kama ule wa karibu na gereji, kwa kuwa mafuta hupenya plastiki yake na kuingia katika maji.

Namna ya kutambua uvujaji usioonekana

Dira ndiyo shahidi wa kwanza. Chagua usiku ambao maji hayakatiki. Funga koki zote, pamoja na zile zinazojaza tangi la juu na tangi la choo. Tuchukue mfano wa nyumba ambayo saa 4 usiku dira yake inasoma uniti 482.315, na saa 12 asubuhi inasoma 482.375. Tofauti ni uniti 0.060, yaani lita 60 kwa saa 8. Hizo ni lita 7.5 kwa saa, lita 180 kwa siku, na uniti 5.4 kwa mwezi wa siku 30. Familia hiyo inalipia maji yanayolowesha msingi wake.

Hatua ya pili ni kutenga sehemu. Funga valvu inayoingiza maji ndani ya nyumba. Dira ikisimama, kosa liko ndani. Ikiendelea kuzunguka, liko kati ya dira na nyumba. Doa la ukutani nalo lipimwe hivyo hivyo: likianza kukauka siku chache baada ya valvu kufungwa, chanzo ni bomba la maji safi. Lisipokauka, chunguza unyevu wa ardhini au mvua. Likilowa baada ya kuoga tu, kosa liko katika bomba la maji machafu.

Kabla ya kufunika

Kutokana na hayo, kanuni ya jumla ni moja: kilichozikwa kiwe bomba zima, na viungio viwe mahali panapofikika. Chini ya jamvi inafaa kupitisha poli ya kipande kimoja ndani ya ala, ikitokeza pande zote mbili. Ukutani PVC inatosha kwa maji ya baridi, ikipanda wima moja kwa moja juu au chini ya koki, ili anayepiga msumari baadaye ajue mahali pa kuepuka. Chuma kinafaa zaidi sehemu za wazi zinazoweza kugongwa, kama bomba la bombani uani.

Lipu isipigwe kabla ya majaribio. Jaza mabomba, toa hewa kwenye koki ya juu kabisa, kisha fundi apandishe shinikizo kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya lile la kawaida. Bomba la plastiki hutanuka kidogo na mshale wa geji hushuka mwanzoni. Apandishe tena, kisha aangalie kama unatulia. Pasipo pampu, mabomba yakae na maji ya mtandao kwa siku nzima, usiku ukiwamo, kwa kuwa usiku watumiaji ni wachache na shinikizo hupanda. Kila kiungio kipapaswe kwa karatasi kavu.

Mwisho, piga picha za mabomba yakiwa wazi, na uandike umbali wa kila bomba kutoka kona ya chumba na kutoka sakafuni. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na hati za nyumba. Siku ukuta utakapolowa, fundi atatindua sentimita 30 badala ya chumba kizima.