Anasema korosho zikiuzwa ataleta posa. Nimwamini?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 27, fundi cherehani hapa Masasi. Tangu Machi nina mwenzangu, mkulima wa korosho wa upande wa Newala. Ana maneno matamu, ananiita mama wa nyumba yake, na kila nikigusia posa ananiambia nivumilie korosho ziuzwe. Mwezi Juni alinikopa shilingi 60,000 za kukodi pampu ya salfa, akazirudisha kwa mafungu mawili, siku zile zile alizozitaja. Akisema atakuja kunisalimia anakuja, na pampu ilipomharibikia alinipigia siku moja kabla ya kuja kwamba hatafika. Lakini nilipomwomba ampeleke mama hospitali Ndanda kwa pikipiki saa moja asubuhi, alitokea saa nne, mama ameshajiondokea na Haisi. Idi kubwa aliahidi kuja kula kwa dada yangu. Hakuja, simu ikazimwa hadi kesho yake. Mjomba alipofiwa na mkewe alisema atafika mazikoni, jioni akatuma 10,000 kwa simu. Nikimuuliza anasema, "Kwani unaniwekea daftari?" Dada anasema ni tapeli. Mimi nasema tapeli harudishi pesa. Nimwamini nani?*

*Mvumilivu, Masasi*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikaruka yale yote aliyoyasema yeye, nikasoma aliyoyafanya tu. Ikawa barua nyingine kabisa.

Nianze na dada yako. Tapeli anaweza kurudisha 60,000 ili kesho akope 600,000, kwa hiyo marejesho peke yake hayamsafishi mtu. Lakini tangu Juni hujaniambia kwamba amekuomba tena. Alitaja siku, akaitimiza, akataja ya pili, akaitimiza nayo. Na ile simu ya kuhusu pampu kwangu ina uzito kuliko hata zile pesa. Salfa haingoji. Ubwiri unga ukishika maua ya mkorosho msimu umekwenda, na mkulima aliyeharibikiwa pampu kichwa kimemjaa. Katikati ya mahangaiko hayo alikukumbuka, tena kabla hujaanza kumsubiri. Anayekupa taarifa mapema anauthamini muda wako, na anayekuja na maelezo baada ya kukukosesha anajiokoa yeye. Ukitaka kumjua mtu, usihesabu mara alizoshindwa, tazama ni saa ngapi alikuambia kwamba ameshindwa.

Basi hapo dada amekosea. Lakini na wewe hujasalimika, maana umeyaweka mambo yote kwenye kapu moja ndiyo maana yanakuchanganya. Yatenganishe. Alipotimiza: pesa zako, ziara za kwako, simu ya pampu. Alipokwama: mama yako, dada yako, mjomba wako. Umeona? Mkiwa wawili ahadi inatimia. Ikihitaji watu wa kwenu wamwone uso, pikipiki inachelewa na simu inazimika.

Mtu mwenye tabia ya kuchelewa anachelewa kote. Anachelewa shambani, anachelewa kwenye chama cha msingi kupima korosho, anachelewa hadi kwenye chakula. Huyu wako si wa hivyo, anajua saa. Kwa hiyo zile saa tatu alizomchelewesha mama yako hazikuwa uzembe. Alikuwa anakwepa kitu.

Anakwepa nini, hilo sijui, na tabia peke yake haiwezi kukuambia. Yawezekana ana mke Newala ambaye hujaambiwa. Yawezekana anaona haya kuingia kwa wakwe mikono mitupu, na wanaume wa huku wapo wengi wa namna hiyo, hasa miezi hii ambayo shamba limekula kila senti na mnada bado. Mambo hayo mawili kwa nje yanafanana. Kinachoyatofautisha ni kinachofuata pesa zikipatikana, na ndiyo maana nakuambia usiamue leo. Umemjua tangu palizi, umemwona kwenye salfa, sasa mfuate hadi mnadani. Miezi ya ukata unayo, miezi ya pesa bado hujaiona, na mtu mmoja huwa na sura mbili kwenye miezi hiyo.

Ila kuwa makini na hilo neno lake, "korosho zikiuzwa". Korosho zinaanza kwenda minadani Oktoba, lakini tarehe ya mkulima kulipwa haipangi yeye. Mzigo unapita chama cha msingi, unakwenda ghalani, unangoja mnunuzi, halafu malipo yanapita benki. Msimu wa 2018 serikali iliponunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wako waliokaa miezi wakisubiri fedha zao. Kwa hiyo asipokuwa na mahari Novemba, usimhukumu. Mahari inategemea mnada.

Mshenga hategemei mnada. Kumtaja mzee atakayekuja kuongea na mjomba wako hakugharimu hata nauli. Na kwa mila za kwenu, mjomba ndiye anayepaswa kusikia kwanza, kwa hiyo hakuna namna ya kuoa kwenu bila kumpitia mtu yule yule ambaye msibani kwake alituma 10,000 na kubaki nyumbani. Mwambie mara moja, kwa utulivu, ana kwa ana: "Mahari nitaingoja. Naomba jina la mshenga, na siku utakayomsalimia mjomba. Siku uitaje wewe." Akishaitaja, nyamaza. Usimkumbushe, usimtumie ujumbe asubuhi ya siku hiyo, usimtume rafiki akachungulie. Ukimkumbusha utakuwa umepima kumbukumbu yako mwenyewe. Wala usimtegee kwa uongo, kwa mfano kujidai mgonjwa uone kama atakuja, maana hapo asiye mkweli utakuwa ni wewe.

Huku ukingoja, sikiliza sauti yake. Lile la "unaniwekea daftari" limenikera, sikufichi. Aliulizwa kuhusu mama mzee aliyemngoja bure, akajibu kana kwamba aliyekosa ni mwuliza swali. Mara moja nitamsamehe, mtu aliyeaibika huwa mkali. Lakini angalia siku mbili tatu baadaye: je, alirudi akasema nilikosea kwa mama, nipeleke nikamwombe radhi? Kwenye barua yako sikuliona hilo. Na msikilize pia anavyoongea na vijana wanaompalilia shamba, wakidai ujira wao. Kwako bado ni mchumba, lazima alainishe maneno. Kwao halazimiki, kwa hiyo hapo utasikia sauti utakayoishi nayo ndani.

Akija kwa mjomba siku aliyoitaja, hata kama ana kilo ya sukari tu mkononi, huyo ni mwoga wa ukata, si mwongo, na mimi nitakuambia mngoje hadi benki ilipe. Akiahirisha, lakini amekupigia kabla na ametaja siku nyingine, mpe hiyo ya pili. Simu ikizimika kama ile Idi, mwanangu, jibu unalo. Korosho zinaweza kuuzwa kwa bei nzuri kuliko miaka yote na mjomba wako asibishiwe hodi. Hapo funga hesabu, endelea na cherehani yako, na umwambie dada yako kwamba nusu yake alikuwa na haki. Niandikie Desemba.