Ng'ombe Shambani, Mbwa Getini: Nani Analipa?

Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameamka wameshiba mahindi ya jirani mara nyingi huwa na utetezi uleule: mchungaji alisinzia, yeye mwenyewe hakuwepo, na ng'ombe hana akili ya kujua mpaka. Mwenye mbwa naye ana wake: "Siku zote mbwa huyu ni mpole, hajawahi kumgusa mtu." Kwa sikio la kawaida maneno hayo yanafanana. Mbele ya hakimu hayafanani hata kidogo. La kwanza halimsaidii mfugaji, la pili linaweza kumwokoa mwenye mbwa.

Sababu ni ya kihistoria. Tanzania Bara ilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na pale ambapo Bunge halijatunga sheria yake, mahakama bado zinaitegemea. Waingereza wenyewe walizifuta kanuni zao za zamani kuhusu wanyama na kuandika mpya mwaka 1971, lakini mabadiliko hayo hayakuvuka bahari. Ndiyo maana mgogoro wa shamba la Mvomero au wa mtaa wa Tabata unaweza kuamuliwa kwa misingi iliyowekwa enzi za magari ya farasi.

Kwa mifugo, msingi ni mkali. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe, hata kuku wakiingia katika ardhi ya mtu mwingine na kuharibu, anayewamiliki au kuwatunza anawajibika. Mkulima halazimiki kuthibitisha uzembe. Hahitaji kuonyesha kwamba zizi lilikuwa bovu wala kwamba mchungaji alilala. Inatosha kuonyesha kwamba wanyama waliingia, ni wa fulani, na hasara imetokea. Mila nyingi ambazo Mahakama ya Mwanzo huzitumia zinafika hapohapo kwa njia zake.

Wala si lazima mnyama aingie mzima. Mwaka 1874 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Ellis dhidi ya kampuni ya chuma ya Loftus, ambamo farasi dume alimuuma na kumpiga teke farasi jike wa jirani akiwa upande wake wa uzio wa waya. Kitendo cha kupitisha mdomo na miguu kwenye mpaka kilihesabiwa kuwa ni kuingia. Mbuzi anayetoa kichwa kwenye uzio na kumaliza mchicha wa jirani hana hoja bora kuliko farasi yule.

Ukali huo una mlango mmoja wa kutokea, nao ni barabara. Mwaka 1882, katika kesi ya Tillett dhidi ya Ward, dume la ng'ombe lililokuwa likiswagwa katika mitaa ya mji liliingia katika duka la vyombo vya chuma, na ilichukua kama dakika 45 kulitoa. Mwenye duka alishindwa. Mnyama alikuwa njiani kihalali, waswagaji hawakuzembea, na anayejenga kando ya njia inayopitisha mifugo anakubali kiasi fulani cha hatari hiyo. Kwa hiyo mwenye shamba lililo kando ya njia ya mnada atatakiwa kuthibitisha uzembe: kundi kubwa kuachiwa mtoto mmoja, kwa mfano, au kuswagwa usiku. Mifugo iliyotoroka zizini usiku wa manane haina kinga hiyo.

Mbwa hahesabiwi miongoni mwa mifugo kwa kanuni hii. Kwa mbwa swali ni: je, mwenyewe alijua? Anayefuga mbwa akijua ana tabia ya kushambulia watu anawajibika kwa jeraha hata kama siku hiyo alimfunga vizuri na mnyororo ukakatika. Asiyejua huwajibika tu ikithibitika kwamba alizembea.

Watu wengi huelewa hapo kwamba kila mbwa ana haki ya kuuma mara moja bure. Si kweli. Mwaka 1866, katika kesi ya Worth dhidi ya Gilling, mbwa aliyefungwa alikuwa na desturi ya kurukia kila mpita njia hadi mwisho wa mnyororo akijaribu kumuuma. Hakuhitajika mtu wa kwanza aliyeumwa. Majaribio yale, ambayo wenye mbwa waliyajua, yalitosha. Na mwaka 1872 mahakama iliamua kwamba anachokijua mtumishi aliyekabidhiwa mbwa kinahesabika kuwa kinajulikana na bosi wake. Uamuzi huo unafaa sana mijini kwetu, ambako mwenye nyumba yuko safarini na anayemjua mbwa kwa undani ni mlinzi. Mlinzi akiwa ameshawaonya watoto wa jirani wasipite karibu na geti, bosi hawezi kusema hakujua.

Kisha kuna kile kibao chekundu: MBWA MKALI. Wengi huamini kibao hicho kinafunga mjadala. Kinaweza kumsaidia mwenye nyumba dhidi ya mwizi aliyeruka ukuta usiku. Kwa mgeni halali, kama msoma mita au mwanafunzi anayepita nje, kinaweza kugeuka ushahidi kwamba mwenye mbwa alijua anachofuga. Katika kesi ya Sarch dhidi ya Blackburn ya mwaka 1830 palikuwa na tangazo la kuonya juu ya mbwa, lakini aliyeumwa alikuwa mlinzi wa doria asiyejua kusoma, aliyepita mahali alipokuwa na haki ya kupita. Tangazo halikumkinga mwenye mbwa.

Upande wa jinai nao upo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayeacha, kwa uzembe unaohatarisha watu, kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye naye. Kesi hiyo huendeshwa na Jamhuri, na hukumu yake haimnyimi aliyeumwa haki ya kudai fidia kivyake.

Kanuni zote hizi hazina nguvu bila ushahidi, na hapo ndipo madai mengi ya haki hufia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima ana shamba la mahindi lililopandwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Asubuhi anakuta mistari 30, kila mmoja wa mita 60, imeliwa na kukanyagwa. Kwa hasira anatangaza kijijini kwamba anadai shilingi 600,000. Kiasi hicho hakikutokana na hesabu yoyote, na hakimu atakigundua mapema.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mistari 30 kwa sentimita 75 ni upana wa mita 22 na nusu. Ukizidisha kwa urefu wa mita 60 unapata mita za mraba 1,350, yaani karibu theluthi moja ya ekari, yenye mashina takriban 6,000. Kama shamba lile hutoa magunia 12 kwa ekari, kilichopotea ni magunia manne. Lakini bwana shamba mzuri hatamaliza kazi siku hiyohiyo. Mhindi mchanga wenye majani manne au matano bado una moyo wake chini ya udongo. Ukiliwa majani unaweza kuchipua tena. Uliokaribia kutoa mbelewele hauna uwezo huo, na mharage uliokatwa chini kabisa, hadi chini ya majani yake ya kwanza, haurudi. Kwa hiyo afisa ugani anapaswa kufika mara moja, aandike na kupiga picha, kisha arudi baada ya wiki moja hivi.

Tuseme aliporudi alikuta robo ya mahindi imepona. Hasara sasa ni magunia matatu. Kwa bei ya shilingi 70,000 kwa gunia ni 210,000. Toa gharama ambazo mkulima hakuzitumia tena, kama palizi ya pili, kuvuna na kupukuchua, tuseme 30,000. Dai linabaki 180,000. Ni dogo kuliko 600,000, lakini ndilo linaloweza kusimama mahakamani.

Linabaki swali la ng'ombe ni wa nani, ambalo ndilo mfugaji hulikana mara nyingi. Nyayo huonyesha walikotoka, ila hazisemi jina. Kinachosaidia ni chapa au hereni, shahidi aliyewaona wakiwa bado shambani, na mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji aliyeitwa kabla hawajaondolewa. Inafaa zaidi mfugaji mwenyewe aitwe aone uharibifu na atie saini tathmini. Akikataa, kukataa kwake kuandikwe mbele ya mashahidi.

Ng'ombe waliokamatwa wakabidhiwe kwa uongozi wa kijiji. Kuwakata mapanga au kuwawekea sumu ni kosa la jinai, na humgeuza mdai kuwa mshtakiwa kwa siku moja. Hatari haiishii hapo: mgogoro wa wakulima na wafugaji wilayani Kilosa ulisababisha vifo vya watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni mwezi Desemba 2000.

Kwa aliyeumwa na mbwa, kidonda hutangulia ushahidi. Kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kuchelewa, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Mbwa asiuawe papo hapo kama inawezekana kumfungia kwa usalama: afisa mifugo humwangalia kwa siku 10, na akibaki mzima muda huo wote ni dalili kwamba hakuwa akiambukiza kichaa siku alipouma. Chanjo isisubiri siku hizo ziishe; mbwa akibaki mzima, daktari ndiye atakayeamua kuisimamisha.

Baada ya hapo ni karatasi. Fomu ya polisi PF3, kadi ya chanjo ya mbwa au ushahidi kwamba haipo, na risiti zote, za sindano na hata za nauli. Gharama halisi hutakiwa kutajwa kwenye hati ya madai na kuthibitishwa moja baada ya nyingine. Maumivu na kovu hukadiriwa na mahakama yenyewe. Wale ambao mbwa huyo aliwahi kuwakimbiza waandikwe majina mapema, kwa kuwa ndio watakaojibu swali la kama mwenyewe alijua.

Dai la mazao kwa kawaida huanzia kwenye usuluhishi kijijini, na likishindikana huenda Mahakama ya Mwanzo. Dai la mbwa, kwa kuwa limejengwa juu ya sheria ya kawaida na si mila, kwa kawaida hupelekwa Mahakama ya Wilaya. Dai la madhara lina ukomo wa miaka mitatu tangu tukio. Asiyeridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.